Mtunga Risala na Ushuhuda wa Dawa ya Dumuzi

Kwa miaka mingi hakuna mgeni rasmi aliyekanyaga Songea akaondoka bila kusomewa maneno ya Aidan Komba. Uzinduzi wa kisima, ufungaji wa semina, jiwe la msingi la jengo ambalo halikujengwa mpaka leo, kote huko risala ilitoka kwenye kalamu yake. Alijua mahali pa kuweka shukrani za dhati, mahali pa kuweka changamoto, na zaidi ya yote alijua namna ya kumalizia kwa maombi. Risala isiyoomba barabara na zahanati, alikuwa akisema, ni salamu tu.

Halafu ikaja biashara huria. Ofisi alikokuwa karani ikapunguza watu, na Aidan akapunguzwa pamoja na kiti chake. Wageni rasmi nao wakaadimika, maana aliyekuwa anakuja kukagua sasa alikuwa na duka lake la kukagua. Mtu mwenye umri wa kuitwa babu akabaki nyumbani Ruhuwiko na kalamu mfukoni, akimwangalia mkewe Lukresia akienda shamba na kurudi. Aliumia, na sitaki kumcheka kwa hilo. Mtu aliyewatia wengine maneno mdomoni nusu ya maisha yake, ukimwambia maneno hayahitajiki tena, umemwambia yeye mwenyewe hahitajiki.

Ndipo alipotokea Bashiru Mtalika. Bashiru alikuwa mfanyabiashara kutoka Tunduru, aliyeanza na korosho, akapita kwenye mitumba, akatia nanga kwenye pembejeo. Kwa miaka kadhaa sasa alikuwa wakala wa dawa ya unga ya kuhifadhi mahindi, iliyoitwa Ghala Salama, ya kumpiga vita dumuzi, yule mdudu mweusi mdogo anayegeuza gunia la mahindi kuwa gunia la vumbi. Dawa ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba watu hawakuinunua mara ya pili.

"Redio wanaisikia, hawaamini," Bashiru alimwambia Aidan, wameketi dukani kwake kati ya mabomba ya kunyunyizia dawa. "Mabango wanayaona, hawaamini. Mkulima anamwamini mkulima mwenzake. Nataka watu walioitumia dawa wazungumze kwenye video. Kabla ya filamu ya karate, kwenye mabanda ya video huko magulioni, kwanza waonyeshwe ushuhuda. Lakini uwe wa kawaida, Mzee Komba. Usiwe tangazo. Mtu aone jirani yake anaongea."

"Hiyo ndiyo kazi yangu," Aidan akasema.

"Ukiniharibia, wallahi, namleta binti mmoja wa Dar es Salaam anayefanya mambo haya kitaalamu."

Hapo ndipo palipokuwa na moto kwa Aidan. Kuvuliwa ukarani alishavuliwa. Kushindwa na binti wa Dar kazi ya kuwasemesha watu wa Songea, watu wake mwenyewe, hilo asingelivumilia hata kama Lukresia angemsamehe.

Mteja wa kwanza alikuwa jirani, Mama Kunegunda Nyoni, mjane mwenye mahindi mengi na ulimi mkali kuliko wembe. Mtaa mzima ulijua kwamba yeye hutumia Ghala Salama na mahindi yake hufika Pasaka yakiwa mazima. Mpiga picha alikuwa Saimon, aliyezoea harusi na kipaimara, mtu wa kuanza kila picha na maua ya plastiki kisha kushuka taratibu mpaka kwenye uso. Aidan akakesha, akaandika. Asubuhi akampelekea Mama Kunegunda karatasi iliyopigwa taipu.

Mama Kunegunda akauona umuhimu wa siku. Akavaa kitenge cha Krismasi, akaazima saa ya mkononi ambayo haikuwa inatembea, akasimama wima mbele ya ukuta uliopakwa chokaa mpya, mikono imenyooka ubavuni kama yuko gwaride. Kisha akasoma:

"Mimi Bi Kunegunda Nyoni, mkulima wa kisasa, kwa niaba ya wakulima wenzangu, napenda kuchukua fursa hii adhimu kutoa shukrani za dhati kwa kampuni ya Ghala Salama kwa kutuletea dawa bora ya Ghala Salama. Tangu nianze kutumia Ghala Salama, maendeleo yamekuwa makubwa..."

Macho yake yalikuwa yanakwenda kushoto na kulia kama mtu anayeangalia mpira wa meza. Aidan alikuwa amesimama nyuma ya kamera, midomo yake ikitembea pamoja na ya mama, na machozi ya furaha yakimlengalenga. Alipofika mwisho Mama Kunegunda hakunyamaza. Karatasi ilikuwa imeisha, lakini mama wa watu aliijua risala tangu yuko shule.

"Pamoja na mafanikio hayo," akaendelea kwa kichwa chake mwenyewe, "tunakabiliwa na changamoto ya zahanati. Pia daraja limekatika. Ahsanteni kwa kunisikiliza."

Aidan hakuiona kasoro. Kwake hiyo ilikuwa ziada.

Kanda ikapelekwa gulio la Lusewa. Banda la video lilijaa, watu wamekaa kwenye magogo, wanangoja mateke. Ushuhuda ukawashwa. Nieleze ukweli: watu walisikiliza kwa adabu kubwa mno. Walipiga makofi mahali palepale panapopigiwa makofi risala. Kwenye zahanati walipiga zaidi. Ulipokwisha mzee mmoja akauliza mgeni rasmi ni nani na atajibu lini hoja ya daraja. Bashiru alikuwa amepanga maboksi ya dawa mlangoni. Watu waliyapita kama wanapita kaburi.

"Yule mama kapewa maneno," mwanamke mmoja akamwambia mwenzake wakitoka. "Dawa ingekuwa nzuri asingekuwa anazungusha macho vile."

Bashiru alisikia. Njia nzima ya kurudi Songea alikuwa akihesabu kwa sauti maboksi yaliyobaki. Walipofika akasema tu, "Ifanye iwe ya kawaida, Mzee Komba. Mara moja nyingine. Baada ya hapo napiga simu Dar."

Aidan akarudi kwenye karatasi. Ukawaida, aliwaza, ni nini hasa? Akakaa barazani akisikiliza watu wakipita, akagundua kwamba watu wakiongea hukohoa, husitasita, hucheka. Basi! Akaandika upya, safari hii akitia kikohozi na kicheko mahali pake kwa mabano, kila kimoja kimepimwa.

"Baba Getruda," Lukresia akamwita kutoka uani. Getruda ni binti yao wa kwanza. "Mahindi yanataka kupukuchuliwa na kutiwa dawa ile aliyokupa Bashiru. Nimeshaona vumbi chini ya kihenge."

"Kesho, Mama. Niko kwenye kazi ya dawa."

Ndiyo kwanza alikuwa anaandika "anacheka kidogo" kwa mara ya tatu.

Mama Kunegunda akasimamishwa tena ukutani. Akavuta pumzi, akasoma: "Dumuzi walinitesa sana, anakohoa, mpaka nikakata tamaa, anasita kidogo anaangalia chini, lakini leo hii, anacheka kidogo..."

Saimon akacheka mpaka kamera ikacheza. Mama Kunegunda akakasirika, akairudisha karatasi. "Baba Getruda, mimi nina mahindi ya kupukuchua. Kama mnataka kucheka si muende zenu mkachekee huko." Akavua ile saa, akavua kilemba, akaenda uani kwenye turubai lake na rundo la mahindi, akakaa chini, akaanza kupukuchua.

Aidan alibaki amesimama na karatasi mkononi, mtu mzima ameishiwa. Ataenda kumwambia nini Bashiru? Akamfuata mama uani, akakaa upande wa pili wa turubai kwa sababu hakuwa na pa kwenda, akaokota hindi akaanza naye kupukuchua. Saimon, ambaye hakupenda kupoteza betri iliyochajiwa kwa taabu, akawafuata na kamera begani. Aidan ndiye aliyeanza kuongea, na safari hii hakuwa anatafuta maneno ya video. Alikuwa anawaza kihenge chake mwenyewe.

"Dada Kunegunda, hebu niambie ukweli. Hii dawa mara ya kwanza ulipoitia, ilikuwaje?"

Mama Kunegunda alicheka, kicheko cha puani, na kuendelea kupukuchua.

"Mara ya kwanza? Yesu na Maria. Mara ya kwanza niliinunua, nikapanda na bakuli langu mpaka darini, nikainyunyiza juu ya mahindi vilevile yalivyo na magunzi yake, kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga. Mengine yalikuwa hata hayajakauka. Nikashuka, nikalala usingizi. Kabla ya Kwaresima napandisha mkono, nashika vumbi. Vumbi tupu! Nilikaa hapo hapo kwenye ngazi nikalia. Watoto wa marehemu dada yangu ninao, watakula nini?" Akanyamaza.

Zamani Aidan angeuziba ukimya ule kwa "changamoto hiyo ilikuathiri vipi". Safari hii alikosa la kusema, akanyamaza naye. Na mama, kwa kuwa hakuna aliyempokonya zamu, akaendelea.

"Nikaenda dukani kwa yule Mtalika. Nikamwaga vumbi lote juu ya meza yake, mbele ya wateja, nikamwita mwizi. Mwizi mkubwa! Nikamwambia dawa yako ni chokaa. Yeye akaniuliza, mama, ulipukuchua? Nikamwambia, kupukuchua ndiyo nini na wewe, nani anapukuchua mahindi yote kwa pamoja? Akaniambia dumuzi anakaa ndani ya gunzi, dawa haimfikii huko. Kausha, pukuchua, mwaga kwenye turubai safi, changanya na koleo mpaka kila punje ipate, ndiyo utie kwenye gunia. Nikamwona ananitafutia kisingizio tu. Lakini mwaka uliofuata nikafanya kwa hasira, ili nikamuaibishe vizuri." Akachota kiganja cha mahindi kwenye gunia lililokuwa pembeni, akayaonyesha, akayarudisha. "Sijamuaibisha mpaka leo. Ila harufu ya ile dawa siipendi, na kupukuchua kunaniua vidole." Hapo akageuka. "We Saimon, hilo dude linawaka?"

"Linawaka, Mama. Nizime?"

"Acha liwake. Hata yeye asikie nilivyomwita."

Usiku wa kuamkia siku hiyo Aidan alikuwa ameandika kurasa. Sasa hakuna hata neno lake moja lililotumika, isipokuwa swali. Moyo ulimuuma, kisha ukachangamka, na hakujua upi kati ya hiyo miwili ni wa kweli. Studio ya Saimon ilikuwa chumba chenye deki mbili za video. Waliunganisha kanda ile kutoka deki moja kwenda nyingine, wakalikata swali la Aidan, wakakata kuku aliyepita mbele ya kamera, na wakaacha vidole vikipukuchua tangu mwanzo hadi mwisho. Aidan alitaka pia kukata ile harufu ya dawa, vidole vinavyouma, na mwizi.

"Ukikata hivyo, imerudi kuwa risala," Saimon akasema. "Mtu asiyekuwa na hata lawama moja, nani atamwamini?"

Bashiru alipoonyeshwa alibadilika rangi. "Mimi nimelipia mashine, jenereta na mafuta ili niitwe mwizi hadharani?" Lakini hakuwa na kanda nyingine, na gulio la Lusewa lilikuwa kesho yake. Wakamwendea Mama Kunegunda kwanza kumwomba ruhusa ya kuyaonyesha maneno yale. Akasema sharti ni moja, mwizi asitolewe.

Banda zima la Lusewa lilicheka aliposema aliinyunyiza kama chumvi kwenye mboga. Lilicheka kicheko cha mtu aliyefumaniwa, kwa sababu kila mmoja mle ndani alikuwa amepanda darini na bakuli. Kumbe ndiyo sababu dawa haikuwafaa! Kwenye vumbi walinyamaza. Kwenye mwizi walishangilia, wakageuka kumtafuta Bashiru mlangoni, naye akatabasamu kwa taabu. Filamu ya karate ilipoanza wanawake watatu walikuwa tayari wametoka nje kuuliza bei, na mmoja aliuliza kwanza kama turubai nalo linauzwa.

Sasa ndugu zangu, binadamu angejifunza hapo akaishia hapo. Lakini Bashiru alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara akiona kitu kimoja kinauzika hutaka boksi zima.

"Maneno yale yale," akamwambia Aidan. "Yaandike. Wapewe wateja wengine. Chumvi kwenye mboga, vumbi, ngazi, mwizi. Hasa mwizi! Namtumbo wamenialika."

Aidan alijua ni makosa. Nasema alijua, kwa sababu jioni ile alimweleza Lukresia vizuri kabisa: mtu usimpe maneno, mpe swali. Muulize alivyokuwa kabla ya dawa, siku gani, alishika nini, alimwambia nani. Mkalishe anapofanyia kazi, na nguo za kazi, asiiangalie kamera, akuangalie wewe. Kisha funga mdomo. Kila mtu ana lake, na ukiwapa wote la mmoja umewaua wote.

"Basi mwambie hivyo," Lukresia akasema. "Na kesho tupukuchue."

Lakini mwandishi ameombwa kuandika. Tangu apunguzwe kazini hakuna aliyemwambia, "Yaandike." Akaandika, tena kwa mwandiko mzuri. Siku za kupukuchua zikawa siku za kumfundisha Sefu, muuza samaki wakavu, namna ya kukaa kwenye ngazi na kulia. Za kumfundisha Rosemary wa kwaya, ambaye hakuwahi kuwa na dari. Na za kumbembeleza mzee Fransisko aseme mwizi, maana mzee alikuwa anamheshimu Bashiru na kila mara akilifikia neno hilo alisema "samahani, mwizi".

Namtumbo banda lilijaa hadi nje. Mama Kunegunda alipita, watu wakacheka. Akaja Sefu: chumvi kwenye mboga. Kicheko kikapungua. Rosemary: chumvi kwenye mboga, ngazi, kilio, kanyamaza palepale aliponyamaza Mama Kunegunda. Kimya. Mzee Fransisko alipofika kwenye "samahani, mwizi", sauti moja gizani ikasema polepole, kama mtu anayefikiri:

"Ngojeni kwanza. Wote hawa wamemwita mwizi. Wote!"

"Basi lazima ni mwizi," mwingine akajibu.

Neno mwizi kwetu si la kuchezea kwenye kundi la watu. Halikusemwa mara ya tatu Bashiru akawa ameshafika kwenye pikapu. Waliondoka na jenereta ikiwa bado inanguruma na mlango wa nyuma wazi, maboksi ya Ghala Salama yakidondoka barabarani moja moja. Aidan alikuwa amelala juu ya televisheni ameikumbatia. Nyuma yao watu hawakuwafukuza hata. Walikuwa wanacheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Asubuhi yake Bashiru alikuja Ruhuwiko, hakugonga, amekuja na Saimon na kamera. "Nataka mtu mmoja," akasema, "mtu mmoja tu, ambaye Namtumbo wakimwona watajua hakupangwa. La sivyo binti wa Dar anapanda basi leo."

Walimkuta Aidan uani. Lukresia alikuwa amekifungua kihenge. Kutoka mlangoni mwake kilikuwa kinamiminika unga mwepesi wa rangi ya mchanga, na dumuzi weusi wakitambaa juu yake, na katikati magunzi yamekaa matupu kama yamechongwa. Yalikuwa mahindi ya mwaka mzima. Lukresia hakupiga kelele. Alikuwa ameketi kwenye kinu kilicholazwa, mikono magotini, akiangalia, na Aidan alikuwa amesimama kando yake, asijue mikono yake aiweke wapi.

Bashiru aliangalia kihenge, akamwangalia Aidan, na jicho lake la biashara likafunguka polepole. Saimon naye alikuwa ameshaelewa, lakini hakunyanyua kamera.

"Mzee Komba," Bashiru akasema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. "Ukikataa sitakulaumu."

Aidan alimwangalia mkewe. Lukresia akainua mabega, kama kusema lililobaki ni lako. Aidan akaitikia kwa kichwa. Saimon akawasha. Aidan, kwa mazoea ya miaka mingi, akanyoosha shati, akaweka mikono ubavuni, akasafisha koo.

"Kwa niaba ya familia yangu," akaanza, "napenda kuchukua fursa hii..."

Akakwama. Hakuna kilichofuata. Saimon hakuzima, Bashiru hakumwokoa. Walikuwa wamejifunza kwake kunyamaza.

Lukresia ndiye aliyeuliza. Hakuuliza kwa ajili ya video. Aliuliza kwa sababu ndiye aliyelima.

"Dawa ilikuwa ndani ya nyumba, Baba Getruda. Boksi zima, chini ya kitanda. Kwa nini hukuitia?"

Aidan alichota vumbi kiganjani, akaliangalia linavyopita kati ya vidole.

"Nilikuwa naandika," akasema, "jinsi watu wengine walivyoitia."